Mzee hachagui wimbo, anachagua darasa la saba

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya mzee wetu mmoja aliyelalamika humu kwamba muziki wa vijana wa leo ni kelele tupu, hauna tuni wala ujumbe, na kwamba redio zirudishe zilipendwa kutwa nzima. Shikamoo yake naitoa kwanza. Ila mimi ni dijei wa harusi, kumbi zangu ni za Temeke na Mbagala, na kwa ninavyoona ukumbini, mzee ametaja dalili akaacha chanzo.

Chukulia harusi ya kawaida. Baba wa bibi harusi amezaliwa 1966. Nikipiga singeli atakaa akichezea kizibo cha soda. Nikipiga dansi la Mlimani Park, yaani Sikinde, au la Msondo, la mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtazame vizuri. Nyimbo zile huanza taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake, kisha linakuja chemko, magitaa na tarumbeta vinapamba moto. Huyu mzee hasubiri chemko lifike. Huweka glasi chini na kusogeza kiti nyuma mwimbaji akiwa bado kwenye ubeti wa mwisho, kwa hiyo ngoma inapobadilika yeye yuko wima tayari.

Kile kitendo cha kuinuka kabla ndicho kiini cha jambo lenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, waliwapima watu ubongo wakati wanasikiliza nyimbo wanazozipenda sana. Walikuta dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha, ikitolewa mara mbili: wakati sehemu tamu ya wimbo inapofika, na hata kabla, msikilizaji anapoingojea. Maana yake sehemu kubwa ya utamu wa muziki iko kwenye kujua kinachokuja. Na kujua kinachokuja ni kitu cha kujifunza. Sikio hujifunza kwa kurudiarudia, hadi lenyewe linajua ubeti unaisha wapi na tarumbeta zinaingia lini.

Sasa, kwa nini mafunzo hayo yashike zaidi ujanani? Sababu moja ni ubongo wenyewe. Katika balehe sehemu zinazohusika na raha na msisimko huwa zimechangamka, ilhali zile za kupima na kujizuia zinaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Sababu nyingine ni mambo yanayotokea umri ule: mapenzi ya kwanza, safari ya kwanza bila wazazi, kundi la kwanza la marafiki mliochaguana wenyewe. Kijana hutumia muziki kujitambulisha yeye ni wa kundi gani. Wimbo uliokuwepo siku zile unahifadhiwa pamoja na hayo yote, na ndiyo maana ukipigwa leo hauji peke yake.

Watafiti wa Uingereza walilipima hili katika utafiti uliotoka 2020. Waliwaonyesha watu wazima 470, kuanzia miaka 18 hadi 82, majina ya nyimbo zilizovuma kati ya 1950 na 2015, wakawauliza ni zipi zinawakumbusha jambo la maisha yao. Kumbukumbu zilirundikana kwenye nyimbo zilizotoka mtu akiwa na miaka kama 14. Kwetu huo ni umri wa darasa la saba au kidato cha kwanza. Baba wa bibi harusi wangu alifikisha miaka 14 mwaka 1980, Sikinde ikiwa na miaka miwili tu tangu iundwe. Hesabu inakubali.

Lakini hapa naomba tuwe waangalifu, maana ndipo barua ya mzee inapoteleza. Watafiti wale waliuliza kando kama mtu anaupenda wimbo, na majibu hayakwenda sambamba na kumbukumbu. Mtu anaweza kuukumbuka vizuri wimbo wa ujana wake bila kuupenda sana. Utafiti wa zamani zaidi wa Marekani, wa 1989, ulioulizia kupenda tu, ulipata kilele kwenye umri wa kama miaka 24. Kwa hiyo anayesema muziki wa enzi zake ulikuwa bora huenda anachanganya mambo mawili: ubora wa wimbo, na uzito wa siku aliyousikia. Namna ya kujipima ni rahisi. Tafuta wimbo uliouchukia shuleni, uliokuwa ukipigwa kila kona, kisha usikilize leo. Ukikuta unaujua wote na kifua kimejaa picha za wakati ule, basi si ubora uliouhifadhi.

Singeli anaionea bure. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika, na sikio lililofundwa na dansi halijui lishike wapi, ndiyo maana linasema hakuna tuni. Mtoto wa Tandale wa miaka 14 anajua kila mahali pa kushika. Baada ya miaka arobaini atakuwa yeye anaandika barua kwa mhariri.

Kuna jambo jingine ninaloliona ukumbini ambalo mzee angefurahi kulisikia. Kaka wa bibi harusi, aliyezaliwa 1990, umri wake wa miaka 14 ulikuta Bongo Fleva imetawala jiji. Hiyo ndiyo yake. Ila likipigwa dansi la baba yake anaimba maneno yote, kwa sababu alikua akilisikia kwenye kaseti sebuleni. Hili nalo limeonekana kitaalamu: mwaka 2013 nchini Marekani, wanafunzi wa chuo wenye wastani wa miaka 20 walionekana kuguswa pia na nyimbo zilizovuma wakati wazazi wao walipokuwa vijana. Kwa hiyo zilipendwa hurithishwa nyumbani kuliko redioni.

Enzi ya baba huyo Dar nzima ilisikiliza Radio Tanzania, maana redio binafsi zilikuja miaka ya 1990. Bendi zilirekodi pale, wimbo ukapigwa tena na tena, na mtaa mzima ukafundwa masikio kwa pamoja. Leo kila kijana ana spika zake za masikioni. Sijui mwenzangu atakayepiga harusi zao za dhahabu atawainua wangapi kwa wimbo mmoja.

Na mwaka wa kuzaliwa peke yake hautoshi. Jiji hili limejaa waliokuja wakubwa. Mama wa bwana harusi anaweza kuwa rika moja na yule baba, lakini alikulia Tanga, kwenye taarabu za Black Star na Lucky Star. Sikinde kwake ni muziki wa kupigia makofi akiwa amekaa. Dijei anayehesabu miaka tu atamkosa mama mzima, na mama wa bwana harusi akikaa, meza yake yote inakaa.

Kwa hiyo ombi langu naliacha kwa kamati za harusi, redio wataamua wenyewe. Karatasi mnayonipa huwa na rangi ya sare, kreti za soda na saa ya keki. Ongezeni mistari miwili kwa kila mzazi: amezaliwa mwaka gani, na darasa la saba alisomea mji gani.

Dijei wa harusi,
Temeke, Dar es Salaam