Malalamiko kuhusu turubai la bwawa la samaki linalovuja

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

YAH: KUVUJA KWA TURUBAI LA BWAWA NA USHAURI WA FUNDI WENU

Ndugu Meneja,

Mlinitandikia turubai la plastiki kwenye bwawa la mita 20 kwa 15, na tangu lijazwe maji hayatulii. Fundi wenu alipokuja kulitazama alisema ni jua tu linayakausha. Basi nikaweka ndoo ya maji ndani ya bwawa, nikaikandamiza kwa jiwe, nikatia alama usawa wa maji ya ndoo na wa bwawa. Baada ya saa 24, ndoo ilikuwa imepungua nusu sentimita, bwawa sentimita 4. Jua ni lilelile kwa yote mawili. Hiyo tofauti ya sentimita 3.5, kwa bwawa la ukubwa huo, ni lita 10,500 zinazopotea ardhini kila siku.

Sikuongeza maji, nikayaacha yashuke. Yalipofika chini kidogo ya kiungio kinachopita ubavuni, yakaanza kupungua sawasawa na ya ndoo. Kwa hiyo sakafu ni nzima. Tundu liko kwenye kiungio. Nilipokishika, kidole kilipenya kati ya vipande viwili na gundi ikabanduka kama ganda la kidonda. Ankara yenu inasema viungio vimeunganishwa kwa moto.

Sasa fundi anataka tung'oe turubai tujenge kwa zege, kwa gharama yangu, na vifaranga viingie kesho yake zege likikauka. Zege nalo hupata nyufa ardhi ikititia. Isitoshe, zege jipya hutoa chokaa kwenye maji, pH ikapanda kupita 10, wakati samaki wanataka kati ya 6.5 na 9. Hata kabla haijafika huko, amonia ya kinyesi chao hugeuka sumu kali zaidi. Bwawa la namna hiyo hujazwa na kumwagwa mara kadhaa, pH ikipimwa kila mara, mpaka itulie.

Akaongeza kwamba, nisipotaka zege, nipake udongo wa mfinyanzi juu ya kiungio. Udongo huziba ukishindiliwa kwa tabaka ukiwa na unyevu. Ukipakwa juu ya plastiki huteleza na kuchafua maji. Ningekuwa na mfinyanzi wa kutosha, nisingenunua plastiki kabisa, maana tope lake hulisha mwani na kutuliza pH. Udongo wangu ni kichanga, na mlilijua hilo mlipokuja kupima.

Naomba, ndani ya siku 14 na kwa gharama yenu, kiungio chote kiunganishwe upya kwa moto, pamoja na vile vilivyo sakafuni, kisha bwawa lijazwe na kupimwa kwa ndoo mbele yangu. Likishindwa, nirudishiwe fedha za turubai na za kulitandika. Nimeambatanisha nakala ya ankara na picha za kiungio.

Wenu,
Mteja mwenye bwawa