Umeme wa shilingi 600 kwa uniti, nani kaupanga?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwaeleze wapangaji wenzangu wa Mtwara, na wenye nyumba pia kama watapenda kusoma, jambo linalofanyika kwenye nyumba nyingi za kupanga hapa Magomeni, Majengo, Chikongola na kwingineko. Nyumba ina LUKU moja. Mwenye nyumba kafunga mita ndogo kwenye kila mlango, na mwisho wa mwezi anapita na daftari lake kusoma namba. Kwetu anatoza shilingi 600 kwa kila uniti. Nilipomuuliza kwa adabu bei hiyo imetoka wapi, mama mwenye nyumba alinijibu, “Mwanangu, ndiyo bei ya hapa. Jirani wanalipa 700 na hawalalamiki.”

Bei ya umeme wa TANESCO haipangwi na mtaa. Inapangwa na EWURA, na ni moja kwa mteja wa Mtwara mjini na wa Mwanza, ingawa umeme wetu sisi unafuliwa hapa hapa kwa gesi ya Mnazi Bay. Nyumba kama yetu ipo kwenye daraja la matumizi ya kawaida, T1, ambalo bei yake ni shilingi 292 kwa uniti. Juu yake kuna VAT asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA. Ukijumlisha yote unapata shilingi 356 na senti kidogo. Ukinunua umeme wa 20,000 unapata uniti 56, na mchanganuo wote umeandikwa kwenye ujumbe unaokuja na tokeni.

Kuna kitu kimoja kinachowachanganya wengi, nao wenye nyumba hukitumia kama ushahidi. Manunuzi ya kwanza ya mwezi hukatwa kodi ya majengo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida, kwa hiyo ile 20,000 inatoa uniti karibu 52 badala ya 56. Mtu akiuona ujumbe huo peke yake ataapa kwamba umeme umepanda. Haujapanda. Kilichokatwa ni kodi ya jengo, na jengo lina mwenyewe.

Nafundisha hesabu sekondari, kwa hiyo nilishindwa kuliacha jambo hili hewani. Tuko wapangaji sita. Tulikubaliana kusoma mita zote jioni moja mwanzoni mwa mwezi na jioni moja mwishoni, pamoja na salio la LUKU yenyewe pale koridoni. Mama alikuwa Newala kwenye korosho zake, akawa anatutumia hela tumnunulie umeme, hivyo ujumbe wa manunuzi ulikuwa unaingia kwenye simu zetu.

Mwanzo wa mwezi LUKU ilikuwa na uniti 12. Tulinunua mara tatu, kila mara 30,000. Ukiondoa 1,500 ya kodi ya majengo, zilizobaki zilitupa uniti 248. Mwisho wa mwezi salio lilikuwa 16. Maana yake nyumba nzima ilikula uniti 244. Mita ndogo sita zilisoma hivi: mimi 34, jirani yangu mama ntilie mwenye friji 61, na wengine 22, 48, 19 na 42. Jumla 226.

Tofauti ni uniti 18, na hapo ndipo wenye nyumba husema kwamba “umeme unapotea kwenye waya.” Sikubaliani. Waya wa mita kumi na kitu ndani ya nyumba haupotezi kiasi hicho. Usiku mmoja kila mpangaji alizima swichi yake kuu, tukaenda kuitazama LUKU: kitaa chake chekundu kilikuwa bado kinapepesa. Kilichokuwa kinakula ni taa ya nje. Ni ya wati 20 na inawaka saa 12 kila usiku, kwa mwezi inafika uniti 7. Pampu ya maji ya wati 750 ikiwashwa dakika 25 kwa siku inakula uniti 9 na nusu hivi. Zikijumlishwa zinakaribia 17. Kilichobaki ni uniti moja na kitu, na huo ndio upotevu wa kweli, ukiweka na makosa madogo ya mita zenyewe.

Taa hiyo na pampu hiyo zinatuhudumia sote, sioni ubaya kuzigawana. Basi tumbebeshe mpangaji kila kitu. Uniti 244 kwa 356 ni karibu shilingi 86,900. Gawanya kwa uniti 226 za mita ndogo, unapata 385. Ukitaka ongeza na ile 1,500 ya kodi ya majengo ambayo si yetu, inakuwa 391. Haifiki 400. Kwa bei ya 600 mama anakusanya 135,600 kwa umeme alioununua kwa 86,900. Karibu 48,700 kwa mwezi inabaki kwake, juu ya kodi ya vyumba tunayomlipa kwa miezi sita ya mbele.

Nitamtendea haki nikisema kwamba ana hoja zake. Mita ndogo alinunua kwa fedha yake na fundi akamlipa. Kuna wapangaji wamehama usiku wakamwachia deni la umeme. Lakini hasara ya namna hiyo ina dawa yake: achukue amana ya umeme mtu anapoingia, na gharama ya mita aiweke kwenye kodi ya chumba ambako kila mtu anaiona kabla hajasaini. Kuificha ndani ya uniti ni kumtoza mara kumi kitu ambacho mtu hulipia mara moja. Isitoshe, anayeumia zaidi ni mama ntilie mwenye friji, na si yule kijana aliyehama na deni.

Sasa nije kwenye jambo lililonishtua kuliko hilo la 600, maana hili halijafanywa na mwenye nyumba.

TANESCO ina daraja la wateja wadogo wa majumbani, D1, kwa wale ambao matumizi yao hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Bei yake ni shilingi 100 kwa uniti, na pamoja na kodi na tozo inakuwa 122. Daraja hilo liliwekwa kwa ajili ya mtu mwenye taa mbili, feni, redio na pasi ya mara moja moja. Tazama tena zile namba zetu sita. Hakuna hata mmoja aliyefika 75, hata mwenye friji. Ila LUKU haihesabu watu, inahesabu uniti, na kwa kuwa sote tunapita kwenye mita moja, kwake sisi ni mteja mmoja mkubwa wa uniti 244. Kwa hiyo bei ya mtu mdogo inampata mwenye nyumba yake anayeishi peke yake na LUKU yake, inawakosa watu sita waliobanana kwenye vyumba.

Kwa upande wangu, uniti 34 nalipa 20,400. Kwa bei halisi ya nyumba ningelipa 12,100 na kidogo. Ningekuwa na LUKU yangu mwenyewe kwenye D1 ningelipa chini ya 4,200. Na sisi sote sita kwa pamoja tungelipa karibu 27,600 badala ya 135,600.

Hapo utaniuliza, kwa nini basi usivute LUKU yako? Zipo nyumba hapa mjini ambazo kila mlango una LUKU yake, kwa hiyo si jambo geni. Kuunganishwa kwa njia moja mjini, nyumba ikiwa ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, ni shilingi 320,960, na chumba lazima kiwe na waya wake uliotenganishwa na vyumba vingine. Kwa tofauti ya 16,200 ninayolipa zaidi kila mwezi, gharama ya kuunganishwa ingerudi ndani ya miezi 20. Lakini mita ikishafungwa ni ya nyumba. Nikihama mwezi wa nane, naiacha ukutani. Njia ninayoiona ni mwenye nyumba akubali kwa maandishi kwamba fedha hiyo itakatwa kwenye kodi kidogo kidogo, na ombi TANESCO lipite kwake, kwa kuwa nyumba ni yake.

Wale ambao watabaki na mita ndogo, nawashauri wafanye jaribio moja kabla ya kugombana kuhusu bei. Chomoa kila kitu chumbani kwako na uzime taa zote, halafu itazame mita yako dakika kadhaa. Kitaa kikiendelea kupepesa au gurudumu likizunguka, kuna mzigo wa mtu mwingine nyuma ya mita yako. Jirani wa nyuma yetu aligundua hivyo kwamba taa ya choo cha wote imeungwa kwenye laini yake, amekuwa akiilipia tangu ahamie. Fundi aliihamisha kwa robo saa. Na kama mita yako ni ya namba zinazozunguka, tarakimu ya mwisho yenye rangi nyekundu ni sehemu ya kumi ya uniti. Hakikisha anayesoma haiingizi kwenye namba nzima.

Ombi langu kwa TANESCO Mtwara na kwa EWURA ni dogo. Toeni tangazo linalosema wazi kwamba mwenye LUKU ya pamoja agawe gharama iliyo kwenye ujumbe wa manunuzi, na wapangaji wawe na haki ya kuuona ujumbe huo. Nasema tangazo kwa sababu mpangaji mmoja akienda na malalamiko yake ofisini, jioni anarudi kulala kwenye nyumba ya yule aliyemlalamikia, na swichi kuu iko chumbani kwa mwenye nyumba. Pili, liangalieni upya suala la D1 kwenye nyumba zenye wapangaji wengi. Idadi ya milango inaweza kuthibitishwa na mwenyekiti wa mtaa, na matumizi yakagawanywa kwa milango kabla ya nyumba kupelekwa T1.

Kwa upande wetu, tumemwandikia mama mwenye nyumba barua yenye hesabu hizi na sahihi zetu sita. Tumependekeza 390 kwa uniti, taa ya nje na pampu zikiwa humo humo, na daftari libaki wazi koridoni. Amesema atatujibu akirudi kutoka Newala.

Mpangaji,
Magomeni, Mtwara