Chombo cha arobaini na moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niulize swali ambalo sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika tunalizunguka kila siku bila kuligusa: ni vyombo vingapi vinavyofaa kuwa ziwani kwa usiku mmoja? Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na nchi zote nne zinazolimiliki zilikubaliana. Tangu hapo mjadala umekuwa wa muda: lifungwe lini, lifunguliwe lini. Upande wa pili kuna ombi ambalo halikosekani katika vikao vya mwaloni, kwamba wavuvi wakopeshwe injini na nyavu. Idadi ya vyombo yenyewe haisemwi.

Mimi ni mwalimu wa uchumi wa sekondari. Marehemu baba yangu alikuwa na chombo cha dagaa, mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja na wavu wa kunyanyua katikati. Aliniachia madaftari yake. Kila asubuhi, kabla hajanawa, aliandika vitu viwili tu: mabeseni aliyoshusha, na idadi ya taa alizozihesabu ziwani usiku ule. Nilipokuwa mdogo nilidhani anahesabu taa kwa kupitisha usiku. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akiandika sababu na matokeo kwenye mstari mmoja. Dagaa hufuata mwanga. Taa zikiwa mbalimbali, kila moja huita kundi lake. Zikisogeleana, kundi lile lile hugawanywa. Na dagaa waliovuliwa leo hawatazaa kesho, kwa hiyo wingi wa taa za mwezi huu unaonekana pia kwenye mabeseni ya mwezi ujao.

Naomba msomaji anifuate kwenye hesabu ninayowaandikia wanafunzi ubaoni. Tarakimu nimezitunga ziwe nyepesi. Hazikupimwa katika mwalo wowote. Tuseme chombo kikiwa karibu peke yake hupata dagaa wa shilingi 400,000 kwa usiku, na kila chombo kinachoongezeka kinapunguza pato la kila mmoja kwa shilingi 4,000. Gharama ya kutoka usiku mmoja ni shilingi 80,000. Katika hizo, 32,000 ni mafuta, taa, chakula na kushona wavu. Zilizobaki 48,000 ni za vijana sita, 8,000 kwa kila mmoja, yaani kile ambacho wangekipata kwa kibarua cha nchi kavu.

Ziwa letu halina mlango. Mwenye leseni yuko ndani, na leseni hupata kila anayelipia. Basi watu wataendelea kuingia mpaka lini? Wataingia maadamu pato la chombo linazidi 80,000. Vyombo vikifika 80, kila kimoja kinapata 400,000 kutoa 320,000, yaani 80,000 kamili. Hapo hakuna mgeni anayevutiwa kuingia wala mwenyeji anayelazimika kutoka. Wachumi huiita hali hiyo msawazo. Mvuvi anaijua kwa jina jingine: kurudisha gharama. Tajiri haoni faida, kijana wake anapata sawa na aliyeshika jembe, na ziwa zima, kwa utajiri wake wote, halimwachii mtu hata senti ya ziada.

Sasa punguza vyombo viwe 40. Kila kimoja kinapata 240,000. Ukitoa gharama, kinabaki na 160,000, na vyote 40 kwa pamoja vinabaki na shilingi milioni 6.4 kila usiku. Jaribu idadi nyingine yoyote, 35 au 50, utaona ziada inashuka. Hiyo 40 ndiyo idadi yenye tija, nusu ya ile ambayo mlango wazi hutufikisha. Na angalia sokoni: vyombo 80 vilishusha dagaa wa milioni 6.4, vyombo 40 vinashusha wa milioni 9.6. Nusu ya mafuta, nusu ya nyavu, na dagaa wengi zaidi kwenye chanja.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza swali ninalolipenda: kama 40 ni bora, kwa nini wa 41 aingie? Tumtazame kwa karibu. Akiingia, kila chombo sasa kinapata 236,000. Yeye anatoa 80,000 na kubaki na 156,000. Kwake ni neema, na mimi ningekuwa na mtaji ningeingia. Lakini kuingia kwake kumewapunguzia wale 40 shilingi 4,000 kila mmoja, jumla 160,000. Amepata 156,000, wenzake wamepoteza 160,000, na mwambao umepungukiwa 4,000. Hakuna aliyeiba. Hasara ile haimo katika daftari lake, imetawanyika kidogo kidogo katika madaftari ya wengine, na kila mmoja wao anadhani ni upepo au mwezi. Wa 42 anafanya vivyo hivyo, mpaka wa 80. Mwaka 1954 mchumi wa Kanada, Scott Gordon, aliieleza mantiki hii kwa uvuvi wa bahari, na siioni tofauti na ya ziwani kwetu.

Kutokana na hesabu hiyo, mikopo ya injini na nafuu ya mafuta inanitia hofu. Tuseme msaada unashusha gharama ya usiku kutoka 80,000 hadi 40,000. Kila mtu atashangilia, na mwezi wa kwanza atakuwa na haki ya kushangilia. Lakini mlango uko wazi. Watu wataingia mpaka pato la chombo lishuke hadi 40,000, yaani mpaka vyombo viwe 90. Dagaa wote watakaoshushwa watakuwa wa milioni 3.6, badala ya milioni 6.4 kabla ya msaada. Fedha ya umma itakuwa imenunua vyombo kumi zaidi na samaki pungufu. Mvuvi aliyesaidiwa atakuwa anarudisha gharama kama zamani, sasa akiwa na deni juu.

Kufunga ziwa kuna nafuu ya kweli, wala siungi mkono wanaoubeza. Dagaa huzaa upesi na miezi mitatu wanaionyesha. Tuseme ziwa linapona hata chombo cha kwanza kingepata 480,000 badala ya 400,000. Kwa mlango wazi, vyombo vitaongezeka kutoka 80 hadi 100, na kila kimoja kitarudi kwenye ile 80,000. Samaki wataongezeka sokoni, hilo ni jema kwa mlaji, lakini mvuvi aliyekaa miezi mitatu akikopa unga atakuta sehemu yake imechukuliwa na vyombo 20 vilivyovutiwa na neema ile ile aliyoisubiri.

Najua jibu nitakalopewa, maana nimeshapewa: Mwalimu, unataka vijana 240 waende wapi? Ni swali la haki na lina hesabu yake. Ikiwa kweli hakuna kibarua chochote nchi kavu, zile 48,000 za vijana si gharama kwa jamii, kwa sababu hakuna kazi nyingine wanayoiacha. Gharama halisi inabaki 32,000. Ukirudia hesabu, idadi yenye tija inapanda kutoka 40 hadi 46. Inapanda, ndiyo, na kwa hiyo mahali pasipo na ajira pawe na vyombo vingi zaidi kuliko mahali penye viwanda. Lakini 46 iko mbali sana na 80. Ukosefu wa kazi unaeleza vyombo sita tu. Vingine 34 vinapunguza samaki bila kumtajirisha kijana yeyote.

Wala si lazima mtu afukuzwe. Ada inayolingana na madhara, 160,000 kwa usiku, ingetufikisha kwenye 40 mara moja, lakini sijui mvuvi wa Kigoma atakayeilipa kwa amani, nami singeipendekeza. Napendekeza zamu. Vyombo 80 vilivyopo viandikwe, orodha ifungwe, kisha vigawanywe makundi mawili yanayopishana usiku. Kila usiku watatoka 40, na kila mmoja akitoka anabaki na 160,000. Akilala nyumbani usiku mmoja na kutoka mmoja, wastani wake ni 80,000 kwa usiku, pale ambapo leo anabaki na sifuri. Wavu unaolala nao una gharama yake, kwa hiyo faida halisi itakuwa chini kidogo ya hiyo. Lakini zamu bila orodha iliyofungwa haifai kitu: wataingia wengine 80, na makundi mawili yatakuwa na vyombo 80 kila moja.

Natambua mipaka ya ubao wangu. Nusu kamili inatokana na mstari ulionyooka niliouchora. Ziwani pato linaweza kushuka kwa mkunjo, na idadi sahihi ikawa theluthi mbili au theluthi moja. Ziwa nalo linapata joto, maji ya chini yenye rutuba hayachanganyiki na ya juu kama zamani, hivyo si kila beseni pungufu ni kosa la taa za jirani. Ila joto linashusha mstari mzima, na mstari ukishuka idadi yenye tija nayo inashuka. Tena dagaa hawana pasipoti. Tukijizuia Kigoma peke yetu, taa zitaongezeka ng'ambo. Kwa bahati nzuri nchi nne tayari zina Mamlaka ya Ziwa Tanganyika kule Bujumbura, na walioweza kukubaliana tarehe ya kufunga wanaweza kukaa wakubaliane idadi ya vyombo.

Kabla ya hayo, naomba jambo moja dogo kwa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi kila mwalo. Takwimu za samaki walioshushwa huandikwa, na leseni nazo huandikwa, kila moja kwenye kitabu chake. Ziandikwe pamoja, usiku kwa usiku: vyombo vilivyotoka, na uzito ulioshushwa na vyote. Mbalamwezi isichanganywe na giza, wala msimu wa kusi na wa masika, maana hapo utalinganisha vitu visivyolingana. Usiku wa aina moja ukiwekwa karibu na mwenzake, itaonekana kama vyombo vikiongezeka jumla ya samaki inaongezeka, inasimama, au inapungua. Ikisimama, tumeshapita idadi yenye tija siku nyingi, kwa sababu ziada huanza kuliwa wakati jumla bado inapanda. Baba aliweza kuandika hayo kwa kalamu ya risasi, akihesabu taa kwa macho, na mikono ikiwa bado na magamba.

Wako,
Mwalimu wa uchumi,
Ujiji, Kigoma