Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mikutano ya kamati ilifanyika, hesabu zilikaguliwa, wagonjwa walitembelewa. Hayo mnayajua. Nijikite kwenye mkopo, kwa kuwa nimesikia nikiitwa "mwenyekiti aliyeuchelewesha".

Mkopo ni 1,200,000 wa miezi 12, na mkataba unasema riba ni asilimia 12 kwa mwaka, juu ya salio linalopungua. Jedwali la marejesho tuliloletewa lilitaka 112,000 kila mwezi. Mweka hazina alipima mstari wa kwanza, riba 12,000, sawa. Akatazama wa mwisho, salio sifuri. Wajumbe wakataka nitie saini siku hiyohiyo. Nilikataa, na ningekataa tena.

Mwezi wa kwanza haufichui kitu, maana salio bado ni mkopo mzima. Mimi nilichukua rejesho la 7. Kabla yake jedwali lenyewe lilionyesha salio la 600,000. Asilimia 12 gawanya kwa 12 ni asilimia 1 kwa mwezi, kwa hiyo riba ni 6,000. Waliotukopesha waliandika 12,000. Walikuwa wakitoza mkopo wa awali mwanzo hadi mwisho. Salio lilifika sifuri kwa sababu kila mwezi lilipunguzwa 100,000, basi. Sifuri ile haikusema lolote kuhusu riba.

Jedwali jipya lina rejesho la 106,619. Nilirudia rejesho la 7: salio 617,902, riba 6,179, mtaji uliolipwa 100,440, salio linalobaki 517,462. Sawasawa. La 12 linaanza na salio la 105,558. Ukiongeza riba 1,056 unapata 106,614, na hicho ndicho kiasi cha mwisho. Aliyelalamika kwamba rejesho la mwisho limepungua 5 aelewe kuwa hayo ni masalia ya kukadiria senti kila mwezi. Lingebaki salio la maelfu, hapo tungetafuta kosa. Na kama mkataba ungehesabu riba kwa siku, mwezi wa siku 31 ungezidi kidogo bila yeyote kutuibia, kwa hiyo kifungu hicho nilikisoma kwanza.

Riba yote sasa ni 79,423 badala ya 144,000. Tumeokoa 64,577. Sikusikia makofi.

Siku nilipoeleza haya kwenye kikao, viti vingi vilikuwa vitupu, na waliokosekana ndio waliopiga simu nyingi baadaye. Ada nayo ni aibu: karibu nusu yenu mnadaiwa, wengine tangu mwaka juzi, na rejesho halingojei ada ya mtu.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, kuangalia uwezekano wa mradi wa kutuingizia kipato. Kamati italijadili.

Mwenyekiti