Onyo halikuzuia sindano ya pili

Mhariri,

Ile taarifa yenu ya kosa la dawa wodini nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimeshasimama. Mmeandika kwamba mgonjwa alizidishiwa insulini, muuguzi akapewa onyo, na uongozi "umewakumbusha watumishi kuwa makini". Mkaweka nukta, mkahamia bei ya dagaa. Mimi ni muuguzi mstaafu, jambo hili nimelinyamazia miaka mingi, ila hiyo sentensi ya kuwa makini ndiyo iliyonitoa ndani.

Mwaka 2009 nilifanya kosa hilo hilo, hapa hapa Mwanza. Hospitali siitaji. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo aliyeletwa na boti kutoka Ukerewe, sukari imepanda. Daktari akaandika kwenye chati "6U", maana yake yuniti 6 za insulini ya kufanya kazi haraka, kabla ya chakula cha jioni. Ile U aliiandika mbiombio mpaka ikajifunga juu. Mimi nikasoma 60.

Najua mtakachosema: muuguzi mzoefu hashtuki? Hebu nieleze jinsi ya kutoshtuka. Chupa ya insulini ina yuniti 100 katika kila mililita 1. Ina mabomba yake, yale membamba ya mililita 1 yenye kifuniko cha rangi ya chungwa na mistari iliyoandikwa yuniti. Yalikuwa yameisha tangu Ijumaa. Ndugu wakatumwa duka la dawa nje ya geti, wakaja na bomba la kawaida la mililita 2, kwa sababu waliambiwa "leteni bomba" nao wakaleta bomba. Bomba hilo mistari yake midogo ni sehemu ya kumi ya mililita. Yuniti 6 ni mililita 0.06, haifiki hata mstari wa kwanza, huwezi kuipima. Yuniti 60 ni mililita 0.6, inakaa barabara juu ya mstari wa sita. Mmeona? Dozi sahihi haikupimika, dozi ya kosa ilipimika safi kabisa. Bomba lenyewe lilinitikisia kichwa kwamba niko sawa. Kitanda cha jirani kulikuwa na mgonjwa anayechomwa yuniti 44 za insulini ya mchanganyiko kila asubuhi, kwa hiyo namba kubwa haikuwa ngeni machoni. Tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa 38. Nilimwinulia mwenzangu lile bomba kutoka upande wa pili wa chumba nikamuuliza "Sawa?" Akasema "Sawa." Hiyo ndiyo tuliyoiita kuhakiki. Kuhakiki ni mtu wa pili kuisoma chati mwenyewe na kupiga hesabu yake bila kuambiwa jibu. Mwenzangu hakuiona chati, aliniona mimi, na aliniamini.

Saa 2 usiku binti wa yule mgonjwa akanifuata. "Sista, mama jasho linamtoka na anaongea maneno hayaeleweki." Hotipoti ya ugali na sato ilikuwa pembeni, alimega tonge mbili tu. Kanga ya mgongoni imelowa kama ametoka kuoga ziwani. Vijiti vya kupimia sukari vilikuwa kabatini kwa msimamizi, kabati limefungwa, tukapoteza dakika 20 kutafuta ufunguo. Sukari ikasoma 1.7, imeshuka mno. Tukampa maji ya sukari, dextrosi ya asilimia 50, mililita 50, taratibu kwenye mshipa mkubwa. Baada ya dakika chache akafumbua macho akaomba chai. Anayeandika habari angeishia hapo, lakini zile yuniti 60 zilikuwa bado chini ya ngozi zinaendelea kunywewa na mwili. Saa 5 ikashuka tena hadi 2.4. Tukamtundikia dripu ya dextrosi ya asilimia 10 mpaka asubuhi, tukipima kila saa. Akakaa wodini siku 2 zaidi ya alizostahili.

Kesho yake nikajaza fomu. Fomu gani? Karatasi ya nusu ukurasa, fotokopi ya fotokopi, mistari imefifia. Jina la mtumishi, kosa, hatua iliyochukuliwa. Mahali pa madhara hapakuwepo, msimamizi akachomeka pembeni "mgonjwa anaendelea vizuri". Iko mizani ya herufi A hadi I inayotumika nchi nyingi kupima makosa ya dawa, A ni hatari ambayo haijamfikia mtu, I ni kifo. Kosa langu ni F: madhara ya muda yaliyomrefushia mgonjwa kulazwa. "Anaendelea vizuri" si herufi yoyote. Kuhusu vilivyochangia, yaani ile U, bomba la dukani, ufunguo, watu wawili kwa vitanda 38, hapakuwa na hata mstari. Palikuwa na mimi tu. Nikapewa onyo la maandishi, na kwenye mkutano wa asubuhi tukakumbushwa kuwa makini.

Miezi 4 baadaye, wodi ya pili kutoka yetu, "4U" ikasomwa 40. Bahati kulikuwa na binti wa mafunzo mwenye mdomo, akauliza mbona nyingi, sindano ikarudi kwenye trei. Hilo halikuandikwa popote, eti hakuna aliyeumia. Na hapo ndipo pa kujifunza bila mtu kulowa jasho!

Na nikiwa kwenye maduka ya dawa, niseme na hili. Juzi nimenunua vidonge vyangu vya presha nikapewa kibahasha cha kaki kilichoandikwa "1x1" kwa kalamu. Jina la dawa hakuna, nguvu yake hakuna. Nikamuuliza kijana, akanijibu, "Bibi, ni zile zile." Zile zipi? Nikizimia kesho, daktari atasoma nini, kibahasha?

Basi ushauri wangu, maana mnapenda ushauri. Nendeni kwa mafundi mihuri mjini, mchonge muhuri wenye neno moja, YUNITI. Uufunge kwa kamba kwenye trei ya insulini. Kila oda igongwe muhuri baada ya namba, na isiyo na neno hilo irudishwe kwa aliyeiandika. Mabomba ya mililita 2 yaondoke kwenye trei hiyo. Yale ya yuniti yakiisha, apigiwe simu mfamasia, asitumwe ndugu na noti mkononi. Muhuri si kitu cha gharama kubwa. Kama hata huo ni gharama, basi daktari anayeandika U aje aichome mwenyewe, avute kiti, akae na mgonjwa mpaka asubuhi akipima sukari kila saa. Chai tutamchemshia.

Septemba 17 kila mwaka, siku ya usalama wa mgonjwa, watu huvaa fulana na kupiga picha. Mwaka huu mwandishi wenu aende na swali moja tu: fomu ya kosa la dawa ina mistari mingapi ya vilivyochangia? Akionyeshwa, aipige picha na muichape ukurasa wa mbele badala ya ile picha yenu ya mkono wenye glovu.

Jina langu msilitoe. Onyo langu bado liko kwenye faili.

Muuguzi mstaafu,
Nyakato, Mwanza