Barua kwa mwanangu: usikubali kukandwa tumbo

Mwanangu Zawadi,

Nimesoma ujumbe wako kwamba picha ya tumbo uliyopigwa wiki hii imeonyesha mtoto ametanguliza matako, na kwamba mama mkwe wako anataka mwende kwa mkunga wa huko Kayole amgeuze kwa kumkanda. Najua anakupenda, na wakunga hao wamewasaidia wanawake wengi. Lakini hili moja nakuomba ukatae, na sababu zake nakuandikia ili uweze kumweleza kwa heshima.

Kwanza, hujachelewa. Uko wiki ya 32, na wakati huu watoto wengi bado huelea wakibadilisha mkao. Wengi hujigeuza wenyewe. Kufikia wiki ya 37 wanaobaki wametanguliza matako ni kama 3 au 4 katika kila 100. Ndiyo maana mkunga akikanda leo na mtoto akageuka wiki ijayo, sifa humwendea yeye ingawa huenda mtoto angegeuka vivyo hivyo.

Hatari iko kwenye kondo la nyuma. Limeshikamana na ukuta wa mji wa mimba, na mkono unaosukuma kwa nguvu kutoka nje haujui limekaa upande gani. Ukuta ukivutwa na kubanwa, kondo linaweza kuachana nao kabla ya wakati. Hapo damu humwagika nyuma ya kondo, na mtoto hukosa hewa.

Nilipokuwa nafanya kazi wodi ya uzazi, tulimpokea dada mmoja wa miezi minane aliyekandwa mchana. Jioni maumivu yalikuwa hayamwachii hata kidogo. Uchungu wa kuzaa huja ukaondoka, huu ulikaa palepale, na tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Damu iliyotoka nje ilikuwa ya kuchafua pedi moja tu, ndiyo maana nyumbani walimwambia apumzike. Tulipompasua tulikuta bonge kubwa la damu nyuma ya kondo. Yeye aliongezwa damu akapona, mtoto hatukumuwahi. Kwa hiyo usipime hatari kwa damu unayoiona, maana nyingi inaweza kubaki ndani.

Na wewe una jambo la ziada: kovu la upasuaji wa mtoto wako wa kwanza. Mahali pale mji wa mimba ni dhaifu, na kusukumwa kwa nguvu kunaweza kupapasua. Kataa pia dawa za mitishamba za kuharakisha mtoto, ambazo baadhi ya wakunga huzitoa pamoja na kukanda. Zipo zinazobana mji wa mimba kwa nguvu isiyopimika, na kwenye kovu nguvu hiyo ni mbaya zaidi.

Mama mkwe akiuliza mbona hata madaktari hugeuza watoto kwa mikono, mwambie ni kweli, ila tazama wanavyofanya. Husubiri kama wiki ya 36 au 37, kwa sababu likitokea jambo mtoto ameshakomaa. Hupiga picha kwanza kujua kondo lilipo, hutoa dawa ya kulegeza mji wa mimba, husikiliza moyo wa mtoto kabla na baada, na chumba cha upasuaji kiko karibu. Mama mwenye damu ya kundi hasi huchomwa sindano ya kinga. Hata hivyo hufanikiwa kwa karibu nusu tu ya akina mama, na kwa mwenye kovu kama wewe daktari ndiye ataamua kama ajaribu.

Sikukatazi kukandwa mwili. Mgongo, mabega na miguu vikandwe taratibu ukiwa umelala ubavu, na tumboni mafuta yapakwe bila kubonyeza. Ila mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma kwenye shavu la mguu, usiguswe. Yaweza kuwa damu imeganda, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Zile sindano za Kichina ulizoniuliza kwa maumivu ya kiuno, Shirika la Afya Duniani lilizitaja mwaka 2016 miongoni mwa njia ambazo mjamzito anaweza kuchagua. Nenda kwa aliyesomea, mwambie mapema una mimba ili aepuke sehemu zisizofaa, na uone akifungua sindano mpya mbele yako.

Kliniki ijayo beba kitabu chako, waombe wakuangalie mkao tena wiki ya 36. Kabla ya hapo, tumbo likikaza bila kuachia, ukiona damu hata kidogo, au mtoto akipunguza kucheza, usingoje asubuhi wala usinipigie mimi kwanza. Panda gari uende hospitali yenye chumba cha upasuaji, ukawaambie una kovu.

Mama yako