Kabla ya kuingia grupu usilolijua, angalia jina la anayepokea pesa

Mhariri,

Mimi ni wakala wa pesa za simu mjini Morogoro. Kuna utapeli ambao nyinyi huuandika kama habari ya mtandaoni, lakini sisi tunauona dirishani, mteja akiwa ameshika noti mkononi.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja anayeuza chakula jirani na kibanda changu. Alitaka kutuma shilingi 420,000, fedha aliyokopa kikoba asubuhi hiyohiyo. Nikamuuliza anamtumia nani. "Kampuni," akasema. Jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la kijana mmoja tu, mtu binafsi. Nikamwomba anionyeshe hiyo kampuni.

Ilianza na ujumbe wa WhatsApp kutoka namba asiyoijua: kuna kazi ya kulaiki video, unalipwa kwa kila video. Alilaiki tatu, akapokea 4,500. Hapo ndipo ndoano ilipoingia, maana tapeli wa zamani alikuwa anaomba tu, huyu anaanza kwa kukupa. Kisha akaingizwa kwenye grupu la watu wapatao 60. Humo akaambiwa zipo kazi za kulipia kwanza. Aliweka 30,000, ikarudi 39,000. Akaweka 100,000, akaambiwa faida itatoka baada ya hatua ya pili, nayo ni 280,000. Akalipa. Halafu wakamwambia amebonyeza vibaya, amekwamisha malipo ya wenzake wote, aongeze 420,000 ili akaunti ifunguliwe.

Nilisoma lile grupu pamoja naye. Watu kama wanane ndio waliokuwa wakiandika, na wote waliandika jambo moja: nimelipwa, asante admini, dada fanya haraka tunakusubiri. Wengine wote kimya. Tulipofungua taarifa za grupu tukakuta limeundwa siku tisa tu nyuma, na aliyeliunda ana namba ya +62, yaani Indonesia. Hiyo si hoja peke yake, kwa sababu laini za +255 zilizosajiliwa kwa jina la mtu mwingine nazo zipo. Kilichonitosha mimi ni mapokezi ya pesa. Alikuwa ametuma mara tatu, kwa majina matatu tofauti, hakuna hata moja la kampuni. Nilimshauri aandike grupuni swali moja: ofisi iko wapi? Aliondolewa kabla chai yangu haijapoa.

Kosa tulilofanya ni kutopiga picha za skrini kwanza. Alipoondolewa tulibaki na meseji za zamani, lakini orodha ya wanachama ikatuponyoka. Kwa hiyo mwenye kesi kama hii apige picha za namba zote na miamala yote, halafu ndipo abonyeze Report na Block. Ukiripoti, WhatsApp hupokea meseji tano za mwisho za mazungumzo hayo. Namba za hapa nchini zinazotuma meseji za kitapeli zinaripotiwa TCRA kupitia 15040, bure. Na pesa ikishatoka, piga simu huduma kwa wateja wa mtandao wako dakika hiyohiyo. Ikiwa mpokeaji hajaitoa bado, kuna nafasi ya kuizuia. Akishaitoa kwa wakala mwenzangu, imebaki kazi ya polisi. Ile 380,000 ya mama haijarudi.

Mlango wenyewe unafungwa hivi: ndani ya WhatsApp ingia Settings, kisha Privacy, kisha Groups, utoe Everyone uweke My contacts. Kuanzia hapo mtu ambaye hujahifadhi namba yake hawezi kukutupa kwenye grupu. Atalazimika kukutumia mwaliko, nao usipoujibu unakufa baada ya siku tatu. Usumbufu wake ni mdogo: kamati ya harusi au wazazi wa darasa la mtoto nao watakutumia mwaliko. Ukiwa na shaka, mpigie kwa simu ya kawaida huyo anayedai ni mwalimu, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, siyo ile iliyokuandikia. Ila mpangilio huu hauzuii ujumbe wa mtu mmoja mmoja, na kesi ya mama ilianzia huko huko.

Nawaomba mawakala wenzangu wawe wanamsomea mteja jina la mpokeaji kwa sauti kabla ya kutuma. Foleni inachelewa, wateja wengine wananuna, najua.

Juzi mama alinionyesha mwaliko mwingine, grupu la "uwekezaji wa dhahabu", picha ya mzungu mwenye tai. Alikuwa hajaugusa. Alitaka tu kujua kama siku tatu zinahesabiwa na Jumapili.

Wakala, Morogoro